Miwani ya Champaklal kwenye Pua ya Shobhana

Kuna watu watakwambia joto la Dar la mwezi wa pili linazoeleka. Waongo hao. Ama ni waongo, ama wanakaa kwenye kiyoyozi tangu asubuhi mpaka wanalala. Sisi wa katikati ya mji, Kisutu huku na Kariakoo kule, tunajua kwamba jasho la mwezi huo halikauki, linahama tu. Likitoka kwenye paji la uso linashukia puani, na kama puani pana miwani, basi umekwisha.

Muulize Shobhana. Mama wa miaka sabini na miwili, Mhindi wa Kisutu, mwembamba, mdomo mkali kama pilipili kichaa. Kazi yake tangu ujana ni kuwachora hina maharusi. Kwao bibi harusi haendi kuolewa mikono mitupu, hata siku moja. Siku mbili kabla anakalishwa chini na kuchorwa kuanzia ncha za vidole mpaka karibu na kiwiko. Shobhana alikuwa na sheria moja ambayo hakuna aliyethubutu kumbishia: hina ikichorwa, feni inazimwa. Upepo unaikausha haraka, inapasuka na kubanduka kabla haijashika. Hina inataka joto ndiyo iive, itoe rangi iliyokolea.

Kwa hiyo alifanya kazi ameinama, feni kimya, jasho linamchuruzika, na miwani inateleza taratibu kwenda ncha ya pua. Mkono mmoja umeshika koni ya hina, mwingine umeshika kiganja cha bibi harusi. Sasa hapo nani ataipandisha miwani?

Champaklal, mumewe. Alikuwa na duka la nyuzi na vifungo Kariakoo, lakini siku ya hina alimwachia mwanawe Chintan duka, akarudi nyumbani. Alikaa kwenye kigoda kushoto kwa mkewe na gazeti lake. Shobhana akihisi miwani imefika mwisho, aliinua tu uso kidogo upande wa kigoda. Champaklal alinyoosha kidole kimoja, akaisukuma miwani juu, akarudi kwenye gazeti. Hakusema neno, wala mkewe hakushukuru. Maharusi walikuwa wakicheka mpaka wanaambiwa watulize mikono. Miaka arobaini na moja walifanya hivyo, na kama hayo si mapenzi, basi mimi sijui mapenzi ni nini.

Mwaka jana, mwezi wa sita, Champaklal akafariki.

Shobhana alilia kama wanavyolia wajane, halafu akafanya jambo lake la peke yake. Aliichukua miwani ya marehemu, fremu ya chuma yenye rangi ya dhahabu, akaipeleka dukani iwekewe lenzi za macho yake. Yake mwenyewe akaitia kwenye droo. Muuza miwani akamwambia, "Mama, fremu hii ni kubwa kwako." Shobhana akamwambia awe na adabu, aweke lenzi alizoambiwa. Lenzi zikawekwa.

Tangu siku hiyo miwani haikukaa. Wakati wa kipupwe ilikuwa inashuka kidogo, akavumilia. Joto lilipoingia ikawa balaa. Akapaka poda puani, poda ikaloa ikawa uji. Akafunga lastiki kisogoni, fremu ikamgandamiza mashavu, lenzi zikajaa ukungu wa jasho, na kichwa kikamuuma mpaka usiku. Mchuuzi mmoja wa njiani akajidai fundi, akaibana mikono ya miwani ikakaza huku na huku kwenye mapanja, kati ya jicho na sikio. Loo! Ndiyo ikawa inaruka mbele kabisa.

Kisha ikatokea ile aibu ya kule Upanga. Shobhana alikuwa anamalizia tausi kwenye kiganja cha bibi harusi, hina bado mbichi, miwani ikamchomoka puani, pwaa! Ikaangukia katikati ya tausi na kubingirika mpaka kwenye kifundo cha mkono. Msichana wa watu akaangua kilio. Mama yake akasema hapana neno, mama, hapana neno, kwa ile sauti ambayo mtu anaitumia neno linapokuwepo. Shobhana alirudi nyumbani, akaziweka koni zake kwenye mkebe wa biskuti, akafunga.

"Mkono umezeeka," akamwambia Chintan. "Mwite mwingine amchore Jinal."

Jinal ni binti wa Chintan, mjukuu pekee wa kike, na harusi yake ilikuwa Jumamosi ya wiki iliyofuata. Tangu ana miaka mitano alikuwa ameahidiwa kwamba Baa, ndivyo wanavyoita bibi kwa Kigujarati, atamchora mwenyewe. Chintan akampigia simu msichana mmoja fundi, ana picha elfu za kazi zake kwenye simu. Mambo yakaonekana yameisha.

Jumatatu jioni Jinal akaja na chai, akaketi sakafuni miguuni pa bibi yake.

"Baa, yule fundi nimemwambia asije."

"Una wazimu?"

"Sina. Kama si wewe, naenda hivi hivi." Akanyoosha viganja vyake vyeupe, havina kitu. "Watu wakiniuliza nitawaambia nilikuwa na bibi, lakini aliziogopa hina zake."

Shobhana akamwambia ana mdomo mbaya. Jinal akamwambia ameurithi. Mjukuu alipoondoka, chai ikapoa bila kuguswa. Bibi harusi mikono mitupu! Tena mjukuu wake mwenyewe! Zilibaki siku tatu mpaka Alhamisi, siku ya hina. Akichora akaharibu, ataiharibu mikono ya mtoto anayempenda kuliko wote waliobaki duniani. Asipochora, ndiyo hivyo tena.

Aliyemwokoa ni Siwema, mama anayeuza mboga chini ya ghorofa lao. Asubuhi ya Jumanne alimwona Shobhana anachagua mchicha huku ameshikilia miwani kwa mkono mmoja.

"Mama Chintan, hiyo miwani utaishika mpaka lini? Nenda kwa Mektilda, fundi wa miwani, Mtaa wa Narung'ombe. Mimi nashinda juani kutwa nzima, nainama, nainuka, na yangu haijawahi kudondokea mchicha. Nenda, mwaya."

Duka la Mektilda lilikuwa ndani ya uchochoro wa jengo moja Kariakoo, kati ya wauza mapazia na wauza sufuria. Meza ya kioo, kioo cha kujitazamia, viti viwili, basi. Mektilda mwenyewe ni Mchaga wa Kibosho, mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mnene kiasi, mikono mikubwa ambayo usingedhani inaweza kushika skrubu ndogo kuliko punje ya ulezi.

"Shikamoo mama. Karibu, kaa."

"Marahaba, mwanangu. Miwani yangu inateleza."

"Usiivue kwanza. Niangalie mimi."

Shobhana alizoea mafundi wanaopokonya miwani na kuanza kubanabana. Huyu hakugusa kitu. Alimwangalia kutoka mbele, akazunguka upande, akainama kuchungulia nyuma ya sikio. Kisha akamwambia aivue, akaitazama pua yake kwa makini kama anayetafuta mwiba.

"Unaona kwenye kioo? Alama mbili nyekundu, nyembamba, moja kila upande. Hivi vidude viwili vya puani vinatakiwa vilale bapa kwenye ngozi, vishike pua kwa upana wake wote. Vyako vimekaa mbalimbali mno, vinakugusa kwa ukingo tu. Pua ikilowa jasho, ukingo hauna cha kushika."

Akavigusa kwa ukucha. Vilikuwa vya manjano, vigumu, na kwenye vijiti vilivyovishikilia palikuwa na ukungu wa kijani. "Tena vimezeeka. Nywele unapaka mafuta ya nazi?"

"Kila siku. Tangu niko mtoto."

"Yanashuka na jasho, mama. Hapa puani pamekuwa kama sakafu ya ukumbi iliyopigwa nta." Akacheka, na Shobhana, ambaye hakuwa amekuja kucheka, akajikuta anatabasamu.

"Na hii mikono, nani aliibana?"

"Mchuuzi mmoja."

"Mungu amsamehe. Kichwa cha mtu ni chembamba mbele, kinapanuka kurudi nyuma. Ukikibana kwenye mapanja, miwani inajisukuma yenyewe kuja mbele. Umeshawahi kuibana kokwa ya embe kwa vidole vilivyolowa? Inakwenda wapi?"

"Inaruka."

"Ndiyo hivyo. Mikono haitakiwi kukaba popote mpaka ifike sikioni, na kona yake iinamie pale pale juu ya sikio. Yako inainama nyuma huko, nafasi ya kidole kizima. Hakuna kinachoivuta isishuke." Akachukua koleo dogo lenye ncha nyembamba. "Si kazi kubwa. Nasogeza hivi vijiti vikaribiane, navilaza vifuate pua yako, naweka vidude vipya vya silikoni…"

"Usiguse!"

Muuza sufuria wa jirani aligeuka kutazama. Shobhana alikuwa amesimama, ameikamata miwani kwa mikono yote miwili, kifuani, kama mtu aliyenusurika kuibiwa.

Mektilda akaliweka koleo mezani. Alisogeza tu kiti. Shobhana akakaa, akaipapasa ile fremu kwa kidole gumba.

"Ni ya mume wangu," akasema mwishowe. "Hapa ndipo pua yake ilipokaa. Alikuwa na pua kubwa, tulikuwa tunamtania. Hivi vijiti vimepinda hivi kwa sababu yake. Nikiivaa…" Aliona haya kumwambia mgeni kwamba kila asubuhi, chuma kile kikimgusa puani, ni kama amepewa salamu. Ukivisogeza vijiti, umeifuta pua ya Champaklal. Hapatabaki mahali popote duniani palipo na umbo lake.

"Pole sana, mama," Mektilda akasema. "Basi tuiache. Nitakutafutia fremu nyingine inayokufaa, hii uitunze nyumbani kama ilivyo. Hakuna atakayeigusa."

Hilo nalo Shobhana hakulitaka. Alhamisi achore mikono ya Jinal, na Champaklal awe kwenye droo? Akatikisa kichwa. Akasema hivi, akasema vile, mara akajikuta anasimulia yote: feni iliyozimwa, kigoda, gazeti, kile kidole. Miaka arobaini na moja. Mektilda alisikiliza huku ameegemeza shavu mkononi, na mteja aliyekuja kuulizia miwani ya jua akaambiwa arudi baadaye.

"Sasa niambie, mama," akasema. "Yeye miwani yako alitaka ikae wapi? Juu au chini?"

Shobhana akamtazama.

"Juu," akasema.

"Basi."

Neno moja tu. Shobhana aliinama, machozi yakamdondokea mapajani, na hakuyaficha. Akaisukuma miwani mezani kwa vidole viwili, akageuza uso ukutani. "Fanya. Lakini usiniambie unafanya nini."

Mektilda akafanya. Alifungua skrubu mbili ndogo, akavitoa vile vidude vya zamani, akavisugua vile vijiti kwa brashi na sabuni mpaka ukijani ukaisha. Akavikunja kwa koleo, kidogo, akaipima miwani puani pa Shobhana, akaitoa, akakunja tena kidogo. Akafunga vidude vipya, laini, vinavyopitisha mwanga. Mikono akaifungua mbele isibane mapanja. Kisha akawasha kimashine chake cha hewa ya moto ili alainishe plastiki ya nyuma ya sikio, aisogeze kona. Hapo akasita.

"Mama, huku mwisho kuna nini? Kama alama za meno."

Shobhana akageuka haraka. "Alikuwa anautafuna akisoma gazeti. Nimemgombeza miaka yote hiyo. Zitafutika?"

"Moto ukifika huko, zinaweza. Lakini mimi napasha hapa tu kwenye kona. Mwisho siugusi." Akaukinga ule mwisho kwa kitambaa kilicholowa, akakishikilia muda wote aliokuwa anapasha, mpaka kona ikakubali kuinama. Alama nne ndogo zilibaki pale pale.

Miwani ikarudi usoni. Shobhana alishangaa jinsi ilivyokuwa nyepesi, kumbe uzito uleule, sasa umegawanyika tu. Akataka kuamka.

"Bado. Hapa kuna feni, hapa kila miwani inakaa. Twende nje."

Basi wakatoka, mama wa Kihindi na fundi wake wa Kichaga, wakasimama barabarani saa saba ya mchana, katikati ya mikokoteni na matoroli na watu wanaopiga kelele tupishe, tupishe. Dakika kumi nzima. Shobhana akalowa chapachapa. Mektilda akamkalisha kwenye ngazi za jengo, akamnyooshea kiganja chake kikubwa.

"Koni unayo?"

Unamuuliza samaki kama ana magamba? Tangu ujana wake Shobhana hakuwahi kutembea bila koni, na asubuhi ile mkono wake ulikuwa umeitia mkobani bila kumwomba ruhusa. Akainama. Akachora ua, akachora jani, akachora kikonyo kinachozunguka kidole gumba. Jasho lilimtoka kwenye nywele, likapita kwenye nyusi, likafika puani, likaikuta miwani, likazunguka, likadondoka zake. Miwani ikabaki. Mstari aliouona ulikuwa mmoja, mweusi, mwembamba kama uzi, wala haukutetemeka.

"Kumbe si mkono," akasema kwa sauti ndogo. "Ee Mungu wangu, kumbe si mkono!"

"Mkono gani umezeeka huu?" Mektilda akauinua wake juani autazame. "Nyumbani wataniuliza naolewa na nani."

Alipomrudisha dukani akampa maagizo: aoshe miwani kila jioni kwa maji na sabuni, vile vidude hasa, na pua yenyewe aifute mafuta kabla ya kazi. Vikigeuka manjano avilete abadilishiwe. Kisha akamkabidhi kimfuko kidogo. Ndani yake mlikuwa na vile viwili vya zamani, vigumu, vya manjano.

"Hivi vilikaa puani pake. Sikuvitupa."

Shobhana akakikaza kimfuko kiganjani. Akamshika shavu, kama unavyomshika mwanao, akaondoka.

Alhamisi baada ya chakula cha mchana feni ilizimwa. Jinal alikaa kwenye mkeka, mto mgongoni, mikono imeoshwa. Kigoda kilikuwa mahali pake, kushoto, hakuna aliyekiondoa wala aliyekikalia. Shobhana akafungua mkebe wa biskuti.

Alianza na mkono wa kushoto. Tausi, maembe madogo, maua ya yasmini mpaka karibu na kiwiko. Jinal hakuthubutu kupumua sana mwanzoni, lakini baada ya muda akaona mkono wa bibi yake unavyokwenda, akapumua. Chumba kilikuwa cha moto kama jiko la chapati, na saree ya Shobhana ilikuwa imemganda mgongoni. Mkono wa kushoto ukaisha. Hakuna doa.

Shobhana akabadilisha koni. Kisha, bila kufikiri, kama alivyofanya mara elfu, akainua uso kidogo upande wa kushoto, akangoja.

Kigoda kilikuwa kitupu. Miwani ilikuwa juu, pale pale ilipowekwa.

Alibaki hivyo, uso umeinuliwa. Nitasema ukweli, maana hakuna sababu ya kuuficha: katika ile dakika aliichukia miwani ile kwa kukaa vizuri. Ilipokuwa inashuka, angalau palikuwa na sababu ya kumhitaji Champaklal. Sasa haikuwa na haja naye tena.

Jinal alimwona. Alikuwa amekua katika chumba hicho, ameliona jambo hilo tangu anatambaa, hakuhitaji kuelezwa. Akainua mkono wa kulia, uliokuwa bado haujachorwa, akanyoosha kidole kimoja, akagusa miwani katikati, akaisukuma juu taratibu.

"Haijashuka," Shobhana akasema.

"Najua, Baa."

Chini kulisikika sauti ya Siwema akinadi mchicha. Shobhana alivuta pumzi, akainama tena, akakishika kidole kile kile cha Jinal, akaanza nacho.